Nimeandikiwa spironolaktoni baada ya doksi, chunusi za taya hazikomi. Nimuulize nini daktari kabla sijaanza?

Binti_Uluguru (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 28, niko Morogoro. Chunusi zangu ziko kidevuni na kwenye taya mpaka chini ya sikio. Ni zile za ndani, ukigusa unasikia gololi inayouma, haina mdomo. Wiki moja kabla ya siku zangu zinavimba, halafu zinaacha doa jeusi linalokaa miezi.

Hospitali niliyokuwa naenda walikuwa wananipa doksi, yaani antibayotiki ya doksisaiklini, miligramu 100, kidonge kimoja kwa siku. Nikiinywa mwezi na kitu uso unatulia kabisa. Nikimaliza, baada ya wiki chache zinarudi palepale, narudi, napewa tena doksi ileile. Sikuwahi kupewa cha kupaka.

Sasa nimeonana na daktari mwingine, ameniandikia spironolaktoni miligramu 50. Famasi dada wa dirishani akaniuliza kama nina presha, kwa sababu yeye anaijua kama dawa ya moyo na maji mwilini. Nikaogopa, sijainunua. Nina kijiti mkononi, na mwakani nataka kuzaa. Nitamwona daktari wiki ijayo. Niende na maswali gani?

Mzee wa Kitonga

Binti, huyo dada wa dirishani kakusaidia. Marehemu kaka yangu alikuwa anatumia dawa hiyo kwa moyo kupanuka. Kila mwezi walikuwa wanampima damu kwa sababu inapandisha potasiamu, na potasiamu ikipanda moyo unasimama. Walimkataza ndizi, madafu na parachichi. Sasa wewe mzima wa afya unaenda kunywa dawa ya moyo kwa ajili ya uso? Rudi kwenye doksi, hiyo angalau inajulikana.

Tabibu_Ngozi_Moshi

Shikamoo mzee. Unalosema kuhusu potasiamu ni kweli kwa mgonjwa kama kaka yako, nitalifikia. Kwanza nijibu la dada.

Mimi ni tabibu wa ngozi, nilisomea KCMC pale Moshi. Kwenye maelezo yako, dada, swali kubwa lilitakiwa kuulizwa tangu doksi ya kwanza: dawa hii naacha lini, na nikiacha ni nini kitakachoshika nafasi yake? Doksi inapunguza bakteria na inatuliza uvimbe. Haigusi mafuta yanayotoka kwenye ngozi wala vinyweleo vinavyoziba. Kwa hiyo siku unayoimaliza, kiwanda cha chunusi bado kinafanya kazi vilevile. Ndiyo maana doksi ya chunusi huandikwa pamoja na dawa ya kupaka tangu siku ya kwanza, kwa kawaida benzoili peroksaidi asubuhi na adapalini usiku. Baada ya miezi mitatu, minne ikizidi, doksi inaondoka na ya kupaka inabaki. Benzoili peroksaidi ina kazi ya pili: inaua bakteria kwa njia ambayo hawawezi kuizoea, hivyo inapunguza usugu ambao doksi peke yake ingeuzalisha. Tumia taulo nyeupe tu, inachujua rangi.

Kwa hiyo mtu akisema doksi imeshindwa kwako, mimi nitauliza: ilishindwa, au ilipewa peke yake?

Sasa kabla sijaenda kwenye spironolaktoni naomba unijibu. Hizo chunusi zinawasha? Kuna vipele vidogo vinavyofanana vyote kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni? Kuna krimu yoyote ya kung'arisha unapaka au uliwahi kupaka? Hedhi inakuja kwa mpangilio, na una nywele zinazoota kidevuni? Kijiti uliwekewa kabla ya chunusi kuanza au baada?

Pwani_Kavu

Salaam jamaani, mimi niko Mombasa. Hiyo doksi muwe nayo makini. Mimi nilipewa ya chunusi za mgongo, nikawa nameza usiku nikishaingia kitandani, funda moja la maji basi. Usiku mmoja niliamka na moto katikati ya kifua, hata mate kumeza ilikuwa shida, nikadhani ni moyo. Kumbe kapsuli ilikwama kooni ikachoma ukuta wa ndani. Nilikuwa nakula uji wa baridi siku kadhaa. Hakuna aliyeniambia imezwe na gilasi nzima ya maji na mtu akae wima.

Na mimi nina swali, hii spironolaktoni mwanamume anaweza kuitumia? Mgongo wangu na mabega yameshaanza kuweka makovu.

Tabibu_Ngozi_Moshi

Pole ndugu yangu. Ndivyo inavyotakiwa: gilasi nzima, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa angalau. Ni afadhali kuimeza pamoja na chakula cha mchana au cha jioni mapema. Ila vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia viwe mbali nayo kwa saa kadhaa, vinaishika tumboni isiingie mwilini vizuri.

Spironolaktoni kwa mwanamume hatuitumii kwa chunusi. Inazuia homoni za kiume zisifanye kazi, na wanaume wanaoinywa huota matiti yanayouma, nguvu za kiume zinapungua. Wewe mwenye makovu mabegani swali lako kwa daktari ni la isotretinoini. Hiyo ina masharti yake mazito, afungue uzi wake mwenye kuhitaji. Nitasema moja tu: isotretinoini na doksi hazinywewi kwa wakati mmoja hata siku moja. Zote mbili zinaweza kupandisha mgandamizo ndani ya fuvu. Mtu anaumwa kichwa kisichoisha, macho yanakuwa na ukungu. Hata kwenye doksi peke yake ukiona hivyo, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo.

Binti_Uluguru

Asante sana Tabibu. Haziwashi, zinauma. Paji la uso liko safi. Krimu ya kung'arisha sijawahi. Nywele za kidevuni hakuna. Kijiti niliwekewa mwaka juzi, na chunusi zilianza kabla ya hapo, ila naona zimezidi. Hedhi tangu kijiti inakuja inavyotaka.

Sauda wa Chumbageni

Dada umebarikiwa haziwashi. Mimi paji la uso na kifua vilijaa vipele vidogo, vyote saizi moja kama vilipimwa, vinawasha nikitoka jasho. Nikapewa doksi, vikaongezeka. Daktari wa ngozi alipoviangalia akasema hizo si chunusi, ni fangasi wa kwenye vinyweleo, na doksi ilikuwa inawaua bakteria waliokuwa wanawabana. Nilipewa dawa ya fangasi vikaanza kukauka. Kwa hiyo mimi swali langu la kwanza kwa daktari yeyote sasa ni hilo: una uhakika hizi ni chunusi?

Kapsuli_Mbili

Wakuu mnazunguka sana. Sisi mtaani tunafungua kapsuli ya tetrasaiklini, ule unga unachanganya na mafuta ya nazi unapaka. Asubuhi kipele kimekauka. Hakuna cha potasiamu wala fuvu.

Famasi_Kona

Mimi ni mfamasia. Ndugu yangu, kipele kilichokauka asubuhi kingekauka hata bila unga. Unga wa kapsuli haukutengenezwa kupita kwenye ngozi, unakaa juu, unakera, na unawafundisha bakteria wa usoni kuizoea dawa. Antibayotiki za kupaka zipo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na hata hizo huandikwa pamoja na benzoili peroksaidi.

Ninaloliona zaidi dirishani ni mkorogo. Mtu anapaka krimu yenye steroidi ya kung'arisha, uso unatoa vipele vyekundu, anakuja kununua doksi. Huku anameza doksi, huku anaendelea na krimu. Hapo hakuna kidonge kitakachofanya kazi mpaka krimu iachwe, na ukiiacha ghafla uso unachafuka kwanza ndipo utulie. Lazima daktari ajue. Nendeni na kopo lenyewe, hata kama halina nembo.

Tabibu_Ngozi_Moshi

Sauda na Famasi wamesema vizuri, sina la kuongeza hapo.

Binti, picha yako inalingana na chunusi zinazosukumwa na homoni: umri, taya, kuvimba kabla ya hedhi, kurudi kila doksi inapokwisha. Spironolaktoni ni chaguo la maana kabisa kwako. Ni kweli ni dawa ya moyo na presha. Inakaa pia kwenye milango ambayo homoni za kiume hupitia kuiamrisha ngozi itoe mafuta, na wanawake wote tunao kiasi cha homoni hizo. Kipimo chako cha damu kinaweza kuwa cha kawaida kabisa na bado ngozi yako ikawa inazisikia kupita kiasi.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni muda. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2023, wanawake 410, nusu walipewa spironolaktoni na nusu vidonge visivyo na dawa, na wote waliruhusiwa kuendelea na dawa zao za kupaka. Wiki ya 12 ukiwauliza kama wameona nafuu, waliokunywa dawa walisema ndiyo 72 katika kila 100, wa vidonge vitupu 68. Karibu hakuna tofauti. Wiki ya 24 ikawa 82 dhidi ya 63. Maana yake ukiiacha mwezi wa pili kwa kuona haifanyi kitu, umeiacha kabla haijaanza kazi. Hao walianza na miligramu 50, baada ya wiki sita wakapanda hadi 100 kama mwili ulivumilia. Kwa hiyo muulize daktari: hii 50 ndiyo ya kubaki nayo au ni ya kuanzia, na tunaitathmini mwezi gani?

Na hapo ndipo mpango wako wa kuzaa unapoingia. Dawa hii hainywewi na mjamzito, kwa sababu kuizuia homoni ya kiume kunaweza kuvuruga maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Wengi wetu tunashauri iachwe mwezi mmoja kabla ya kuanza kutafuta mimba. Sasa piga hesabu. Ukianza Machi, Juni ndiyo unaanza kuona kitu, Septemba ndiyo unajua imekufaa au la. Kama kijiti unataka kitolewe Januari, umepata miezi michache ya uso safi, halafu unaacha, na chunusi zinaweza kurudi. Kama unataka mtoto ndani ya miezi sita, mimi nisingeianza. Ningeenda na dawa za kupaka ambazo unaweza kuendelea nazo ukiwa mjamzito, kama benzoili peroksaidi na asidi ya azelaiki. Adapalini haimo, hiyo inaachwa. Ila uamuzi ni wako. Mwambie daktari mwezi unaoufikiria, usiseme "mwakani" tu.

Mzee wa Kitonga

Marahaba. Potasiamu hujaigusa.

Tabibu_Ngozi_Moshi

Naigusa sasa mzee wangu. Kaka yako alikuwa na moyo uliochoka, na mara nyingi watu hao figo nazo zimechoka, na wanakunywa enalaprili au losartani juu yake, ambazo nazo zinazuia potasiamu isitoke. Hapo kupima kila mara ni lazima. Kwa mwanamke kijana mwenye figo nzima hali ni nyingine. Marekani walifuatilia zaidi ya wanawake vijana 900 waliokuwa wanainywa kwa ajili ya chunusi, na vipimo vya potasiamu vilivyopanda vilikuwa chini ya 1 katika kila 100, sawa na wasioinywa. Kwa hiyo wapo madaktari wasiopima kabisa kwa binti kama huyu, na wapo wanaopima mara moja mwanzoni. Mimi napima mara moja, kwa sababu huku kwetu wengi hawajawahi kupimwa figo maishani. Mwenzangu ofisini hapimi. Hatujakubaliana mpaka leo. Ndizi na parachichi kwa mwenye figo nzima hatukatazi.

Hatari inarudi pale kuna dawa nyingine. Dawa za presha nilizozitaja, vidonge vya potasiamu, ile chumvi mbadala ya watu wa presha, matumizi ya muda mrefu ya diklofenaki au ibuprofeni. Na moja ambayo imo karibu kila nyumba: Septrini.

Nuru_ya_Kahama

Tabibu hapo kwenye Septrini umenigusa. Mimi nimepewa ya kila siku kama kinga, pamoja na dawa zangu nyingine. Dada yangu anatumia spironolaktoni na nilikuwa nimeshaomba vidonge kwake.

Tabibu_Ngozi_Moshi

Mrudishie, dada yangu, na usinywe hata kimoja mpaka kliniki yako iseme. Ndani ya Septrini kuna trimethoprimu, nayo kwenye figo inaizuia potasiamu isitoke, njia ileile ya spironolaktoni. Zikikutana inaweza kupanda hata kwa mtu ambaye hana shida, naye asihisi chochote mpaka misuli inaishiwa nguvu au mapigo yanaruka. Usiache Septrini kwa sababu ya chunusi. Waambie kliniki unatafuta tiba ya chunusi, na uwatajie kila unachomeza. Zipo njia nyingine kwako.

Hili ni kwa wote, hata anayepewa Septrini ya siku chache kwa mkojo au kifua: mwambie anayekuandikia kwamba unatumia spironolaktoni.

Mama Kibibi

Mie naona mnamtesa mtoto wa watu bure. Akitoe hicho kijiti, chunusi zitaondoka zenyewe. Wa kwangu sindano ya miezi mitatu ndiyo iliyomharibu uso, alipoacha akawa kama zamani.

Famasi_Kona

Mama, kwa mwanao huenda ilikuwa hivyo kweli. Kijiti na sindano vina homoni ya aina moja tu, na kwa baadhi ya wanawake inazidisha chunusi. Ila Binti amesema zilianza kabla. Kingine, akikitoa kijiti akaanza spironolaktoni, atakuwa hana kinga ya mimba kwenye dawa isiyotaka mimba. Akitaka kubadilisha, kuna vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ambavyo vyenyewe husaidia chunusi. Ila kabla ya hivyo apimwe presha na aulizwe kama ana kipandauso cha kuona vimulimuli, amewahi kuganda damu mguuni, au anavuta sigara na ameshafika miaka 35. Mojawapo likiwepo, hivyo si vyake.

Binti_Uluguru

Wakuu, mrejesho. Nimemwona daktari leo.

Nilianza na mwezi. Nilipomwambia nafikiria kutafuta mtoto Desemba ya mwakani, si mwanzoni mwa mwaka, akasema basi nafasi ipo. Kijiti kinabaki mpaka muda huo, dawa inaachwa Oktoba. Ya 50 ni ya kuanzia. Atanipandisha hadi 100 nikirudi baada ya wiki sita kama sipati kizunguzungu, kwa sababu presha yangu ni ya chini, leo ilikuwa 98 kwa 62. Ameniambia ninywe asubuhi, la sivyo nitaamka usiku kukojoa.

Nikamuuliza kuhusu diklofenaki, maana siku za tumbo la hedhi nameza. Hakuwa ameniuliza. Akasema siku mbili tatu kwa mwezi hana shida nayo ila nisizidishe, akanipima kreatinini na potasiamu kwa ajili hiyo. Potasiamu 4.2, figo ziko sawa. Amenipa adapalini usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na benzoili peroksaidi asilimia 2.5 asubuhi. Doksi hakunipa, kasema nimeshainywa vya kutosha.

Ambalo halikueleweka ni damu ya hedhi. Kasema dawa inaweza kuvuruga mzunguko, na kijiti kimeshauvuruga. Nikitokwa na damu ovyo nitajuaje ni kipi?

Tabibu_Ngozi_Moshi

Amekuhudumia vizuri. Hilo la damu, kwa kweli mara nyingi huwezi kutenganisha. Anza leo kuandika kwenye kalenda siku zote unazotoka damu, kabla hujameza kidonge cha kwanza, upate angalau picha ya jinsi kijiti peke yake kinavyokufanya. Ikibadilika sana baada ya kupanda hadi 100, mpelekee daktari kalenda hiyo, anaweza kukurudisha 50. Matiti kuuma na kichwa kuuma kidogo wiki za mwanzo hutokea pia. Ukiishiwa nguvu miguuni au moyo ukaruka mapigo, hiyo si ya kusubiri tarehe. Na ukitapika au kuharisha sana, isimamishe mpaka upone, kwa sababu mwili ukikauka figo ndizo zinaumia.

Pwani_Kavu

Binti, na zile doa nyeusi amesemaje? Kwangu ndizo zinanikera kuliko chunusi zenyewe.

Binti_Uluguru

Kasema kidonge hakifuti doa, kinazuia jipya. Adapalini itasaidia taratibu, na nipake kinga ya jua kila asubuhi, maana jua ndilo linaloyakoleza. Nimenunua dawa leo, naanza kesho. Wiki ya sita nikirudi kupimwa presha nitaandika hapa.